Hesabu Mistari ya Pini Kabla ya Kutupa Hedfoni

Chomoa pini ya hedfoni kwenye pedi ya gemu uiangalie penye mwanga. Utaona mistari myembamba ya plastiki imeizunguka, mara nyingi myeusi. Ikiwa ni miwili, hedfoni hiyo inaweza kukupa sauti, lakini wenzako mtandaoni hawatakusikia hata upige kelele. Ikiwa ni mitatu, maiki ina njia yake, na tatizo likiwepo itabidi litafutwe kwingine. Hedfoni nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu hazina ubovu wowote. Zimechomekwa mahali ambapo pini yake haipatani na tundu.

Kazi ya mistari hiyo ni kutenganisha vipande vya chuma, ili kila kipande kibebe kitu chake. Pini ya mistari miwili ina vipande vitatu. Ncha hupeleka sauti ya sikio la kushoto, pete inayofuata hupeleka ya kulia, na shina refu lililobaki ndilo njia ya kurudia umeme, ambayo mafundi huiita ardhi. Spika za masikio yote mawili hurudishia umeme hapo. Pini ya namna hii, yenye unene wa milimita 3.5, ilitosha kabisa zama za redio ndogo na kaseti za mkononi, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza tu.

Simu zilipotaka kusikiliza na kuongea kwa tundu hilo hilo, watengenezaji hawakuongeza tundu. Walilikata shina. Pakawa na pete ya pili na shina fupi, vipande vinne kwa jumla, na mstari wa tatu katikati yake. Hapo wakagawanyika. Kundi moja, linalojulikana kwa herufi CTIA, liliiweka ardhi kwenye pete ya pili na maiki kwenye shina. Kundi jingine, OMTP, lilifanya kinyume chake. Simu nyingi za zamani za Nokia na Sony Ericsson zilifuata OMTP. iPhone ilipotoka mwaka 2007 ilifuata CTIA, na polepole karibu kila mtu akahamia huko. Pedi za PlayStation 4, PlayStation 5 na Xbox zote zinatarajia pini ya vipande vinne iliyopangwa kwa CTIA.

Kwa macho huwezi kuzitofautisha pini za makundi hayo mawili, kwa kuwa mistari ni mitatu huku na mitatu kule. Masikio ndiyo yatakayokwambia. Hedfoni ya OMTP ikichomekwa kwenye pedi, spika zinakosa njia yao ya kawaida ya kurudia, kwa sababu pale zilipotegemea ardhi zinakutana na waya wa maiki. Umeme wa sikio la kushoto unalazimika kutokea kwenye sikio la kulia, na matokeo yake sauti zilizo sawa pande zote zinafutana. Katika gemu ya soka utasikia kelele za mashabiki zikivuma kwa mbali, lakini mtangazaji hayupo. Katika muziki ala zipo na mwimbaji kapotea. Ikiwa waya wa hedfoni una kitufe cha kupokelea simu, kibonyeze ukishikilie. Kitufe hicho huunganisha maiki na ardhi, kwa hiyo sauti ikirudi ghafla nzima na nzito, umeshajua kuwa ardhi haiko mahali pake. Dawa ni adapta ndogo ya kugeuza OMTP kuwa CTIA, au hedfoni nyingine.

Kabla ya kuinunua, hata hivyo, isukume pini mpaka mwisho. Pini isiyoingia yote huleta dalili hizo hizo za sauti ya mbali, kwa kuwa kila kipande kinagusa jirani ya kile kilichokusudiwa. Mkosaji wa kawaida ni kava la mpira linalovishwa pedi, ambalo linaizuia pini yenye kitako kinene kwa milimita moja au mbili tu. Vua kava ujaribu tena. Pamba ya mfukoni iliyojikusanya ndani ya tundu hufanya vile vile.

Sasa tuje kwenye waya za kugawanya, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Chukua kijana mwenye banda la gemu, ana PlayStation 4 na wateja wanaotaka kuongea na wenzao wakicheza mtandaoni. Amenunua hedfoni kubwa ya kompyuta yenye pini mbili, ya kijani kwa sauti na ya waridi kwa maiki. Pedi ina tundu moja. Anachomeka ya kijani: sauti ya gemu inasikika, maongezi hakuna. Pini ya kijani ina mistari miwili, na shina lake refu likiingia kwenye tundu la pedi linagusa sehemu mbili kwa pamoja, ya ardhi na ya maiki, na kuziunganisha. Pedi hupeleka umeme mdogo kwenye njia ya maiki, kwa sababu maiki za aina hii hazifanyi kazi bila hiyo volti. Ikiona volti hiyo imezama yote kwenye ardhi, inaamua kwamba hapa hakuna maiki. Imeamua sawasawa. Anachomoa, anachomeka ya waridi, na sasa hasikii chochote, kwa kuwa pini hiyo haina waya hata mmoja unaofika kwenye spika.

Anakwenda dukani kuomba splita na anapewa waya wenye pini moja na matundu mawili. Anachomeka ya kijani na ya waridi. Sauti ipo, maongezi bado. Angehesabu mistari ya ile pini ya splita angeiona ni miwili. Waya huo umetengenezwa ili watu wawili wasikilize simu moja: matundu yote mawili yanatoa sauti ile ile, na hakuna hata moja linaloijua maiki. Maiki yake ya waridi imeunganishwa kwenye njia ya kutolea sauti, ambako haina la kufanya.

Anachohitaji kinafanana nacho sana. Nacho pia kina pini moja na matundu mawili, lakini pini ina mistari mitatu, na matundu yamewekewa alama, moja picha ya hedfoni na jingine picha ya maiki. Ndani yake shina la pini limepelekwa kwenye tundu la maiki peke yake. Kijani kwenye hedfoni, waridi kwenye maiki. Zikibadilishana, vyote viwili vinakufa. Na asichanganye na mwenzake wa tatu, wenye tundu moja na pini mbili. Huo ni wa safari ya kinyume, unaichukua hedfoni ya pini moja ya vipande vinne na kuipeleka kwenye kompyuta yenye matundu mawili. Wauzaji wengi huiita yote mitatu splita, kwa hiyo kulitaja jina hakutoshi. Nenda na hedfoni yenyewe, hesabu mistari ukiwa palepale.

Kijana wetu amepata waya sahihi, amechomeka, na anashtuka: sasa anawasikia wenzake vizuri nao wanamsikia, lakini sauti ya gemu imehama kutoka masikioni na kurudi kwenye televisheni. Waya hauna kosa. PlayStation 4 ikitambua hedfoni yenye maiki, mara nyingi huanza kwa kuipa maongezi peke yake. Inabidi aingie Settings, kisha Devices, kisha Audio Devices, na pale palipoandikwa Output to Headphones abadilishe Chat Audio kuwa All Audio. Kwenye PlayStation 5 chaguo hilo limo ndani ya Settings, Sound, kisha Audio Output. Akiwa kwenye PlayStation 4 hapo hapo afungue Adjust Microphone Level aongee. Mstari ukipanda na kushuka kwa sauti yake, maiki inafika. Pedi ya PlayStation 5 ina mtego wake mwingine. Ina maiki yake ndani, kwa hiyo ukichomeka hedfoni ya mistari miwili wenzako watakusikia kupitia pedi, pamoja na kelele za vidole vyako, nawe utadhani hedfoni ni nzima. Ina pia kitufe cha kunyamazisha maiki katikati. Kikiwaka rangi ya chungwa, umejifunga mdomo mwenyewe.

Kuna hedfoni zinazokuja na waya wa USB pamoja na pini ya 3.5, zikiwaka taa za kila rangi. Kwa nyingi za bei ya chini, USB hiyo inalisha taa tu. Mtu anachomeka USB kwenye mashine, anaona taa zinawaka, anaamini hedfoni imeunganishwa, kisha anashangaa ukimya. Sauti na maiki vimo kwenye pini. Na zile ambazo waya wake unachomoka kwenye sikio zina hatari ya aina nyingine: waya wa asili ukipotea, mwenyewe huokota waya wowote wa kuunganishia redio ya gari, wenye mistari miwili kila upande, na maiki inakufa siku hiyo hiyo.

Wenye Xbox waangalie pedi kwanza. Zile za Xbox One za mwaka 2013 hazikuwa na tundu la 3.5 kabisa na zilihitaji adapta ya pembeni; tundu lilikuja na pedi za mwaka 2015. Na anayetumia pedi ya Xbox kwenye kompyuta kwa Bluetooth asipoteze muda na pini wala splita, kwa kuwa tundu la hedfoni halitoi sauti kwa njia hiyo. Aunganishe kwa waya wa USB.

Ikiwa mistari ni mitatu, pini imezama yote, mpangilio wa sauti umekaa sawa na bado kimya, jaribu hedfoni hiyo kwenye simu ya kisasa yenye tundu, kwa kumpigia mtu. Akikusikia nawe ukamsikia, hedfoni imeshinda kesi. Isipopita, fundi mwenye mita anaweza kuipima kwenye omu. Kutoka ncha hadi pete ya pili asome makumi ya omu, na kutoka ncha hadi shina asome nyingi zaidi, mara nyingi zaidi ya elfu moja, kwa sababu hapo anapitia kwenye maiki pia. Namba hizo zikigeuzana, ana OMTP mkononi. Mita isiposoma kitu popote, waya umekatika, na kwa kawaida hukatika sentimita chache kutoka kwenye pini, pale unapokunjwa kila siku. Na kama hedfoni ni nzima kwenye simu na kwenye pedi nyingine lakini ni bubu kwenye pedi hii moja, basi fundi afungue pedi aangalie miguu ya tundu iliyochomelewa kwenye bodi. Waya ukivutwa mara kwa mara risasi hupasuka hapo, na kuigusa upya kwa chuma cha moto mara nyingi ni kazi ndogo kuliko kununua pedi.