Cheti cha Kampuni: Mambo Matatu ya Kusoma Kabla ya Kulipa

Chama cha akina mama kimeweka akiba kwa miaka, sasa kinatafuta ploti Kilifi. Wakala wa kampuni inayouza ardhi anawatumia picha ya cheti kwa WhatsApp: nembo ya taifa juu, jina la kampuni katikati, sahihi ya Msajili wa Kampuni chini. Wengi wetu hutazama nembo na sahihi tu, tukaridhika kwamba kampuni ni halali. Lakini nembo haikuambii unafanya biashara na nani. Yanayokuambia ni mambo matatu yaliyoandikwa kwa herufi za kawaida kwenye karatasi hiyohiyo: namba ya kampuni, tarehe iliyosajiliwa, na aina yake kisheria. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inataka yote matatu yawemo ndani ya cheti.

Tuchukue mfano wa kubuni na tuufuate hadi mwisho. Cheti walichotumiwa akina mama hawa kina namba PVT-7KX4M2Q. Kinasema kampuni ilisajiliwa tarehe 14 Machi 2019, na kwamba ni kampuni ya kibinafsi yenye dhima ya kikomo. Wakala naye anasema mambo mawili. La kwanza, kampuni yao iko sokoni tangu 2011. La pili, mbali na ploti, mtu yeyote anakaribishwa kununua hisa. Cheti kinatosha kuyapima maneno hayo yote mawili.

Tuanze na namba. Huwa imeandikwa karibu na kichwa cha cheti, nayo ndiyo inayoitofautisha kampuni na nyingine yenye jina linalokaribiana. Majina ya kampuni hufanana sana: neno moja likiongezwa, au herufi moja ikibadilika, tayari ni kampuni nyingine yenye wenyewe wengine. Namba haifanani. Kampuni inaweza hata kubadili jina na kubaki na namba yake.

Namba za Kenya zimepitia sura kadhaa, na sura hiyo ni habari tosha. Kampuni za zamani zina herufi C ikifuatwa na tarakimu. Baadaye zikaja namba zinazoanza na CPR, kisha mwaka, kisha tarakimu, kwa mfano CPR/2011/ na kuendelea. Hapo mwaka ulio katikati ni mwaka wa usajili, kwa hiyo unapaswa kukubaliana na tarehe iliyo chini yake. Usipokubaliana, uliza kwa nini. Kampuni za kibinafsi zilizosajiliwa miaka ya karibuni kwa mtandao wa eCitizen zina PVT, kistari, kisha mchanganyiko wa herufi na tarakimu usio na mwaka ndani yake.

Ukiona namba inaanza na BN, simama kidogo. Hicho si cheti cha kampuni. Ni cheti cha jina la biashara, kinachotolewa chini ya sheria nyingine, Sura ya 499. Jina la biashara si kosa, na maduka mengi ya heshima yanaendeshwa hivyo. Ila kisheria biashara hiyo na mwenyewe ni mtu mmoja. Mkataba unaousaini ni mkataba na mtu huyo, na deni la biashara ni deni lake mwenyewe. Mtu akikuambia ana kampuni kisha akakuonyesha cheti chenye BN, ama hajui tofauti, ama anategemea kwamba wewe huijui.

Kuna namba nyingine inayochanganywa na hii. PIN ya kodi ya kampuni kutoka KRA huanza na herufi P, ikafuata tarakimu tisa na herufi moja mwishoni. Hiyo ni ya kulipia ushuru, haipatikani kwenye daftari la Msajili kama namba ya kampuni. Kadhalika namba ya leseni ya biashara inayotolewa na kaunti. Ukiomba namba ya kampuni ukapewa mojawapo ya hizi, bado hujajibiwa. Unapoinakili namba ya PVT kutoka kwenye picha, angalia pia herufi O na sifuri, au herufi I na moja. Herufi moja ikikosewa, utafutaji hautaleta kitu, na unaweza kudhani kampuni haipo kumbe umeandika vibaya. Afadhali uombe faili lenyewe badala ya picha ya simu.

Sasa tarehe. Siku iliyoandikwa kwenye cheti ndiyo siku ambayo kampuni ilianza kuwa mtu machoni pa sheria, mwenye uwezo wa kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Kabla ya siku hiyo haikuwapo. Kwa hiyo kampuni ya wakala wetu haikuweza kuuza ploti hata moja mwaka 2011, maana ilizaliwa Machi 2019.

Hata hivyo, usimwite mwongo papo hapo. Inawezekana kulikuwa na jina la biashara tangu 2011, mwenyewe akaunda kampuni baadaye. Mwombe cheti hicho cha zamani. Hata akikileta, kumbuka kwamba kampuni mpya hairithi mikataba na mali ya biashara ya awali hivihivi tu. Lazima kuwe na hati za kuvihamisha. Akina mama wakionyeshwa mkataba wa mwaka 2017 unaodai kampuni hii ilinunua shamba zima kutoka kwa mwenye ardhi, wana haki ya kuuliza: ilinunuaje miaka miwili kabla ya kusajiliwa? Aliyesaini mkataba kwa niaba ya kampuni isiyokuwapo kwa kawaida hubeba mzigo huo yeye binafsi. Ardhi hiyo basi huenda iko mikononi mwa mtu, wala si kampuni.

Tarehe ipimwe pia na sheria inayotajwa kwenye cheti. Kampuni zilizosajiliwa miaka ya nyuma hutaja Sheria ya Kampuni ya zamani, Sura ya 486. Sheria ya 2015 iliichukua nafasi hiyo, nayo ilianza kutumika kwa awamu, Novemba 2015 na Juni 2016. Cheti cha tarehe ya mwaka 2009 kinachotaja sheria ya 2015 kina kasoro, kwa sababu sheria hiyo haikuwa imeandikwa. Kwa vyeti vya miezi ya mpito, usikimbilie hukumu. Nenda kwenye daftari la Msajili.

Jambo linalowapotosha wengi ni kampuni kuwa na vyeti zaidi ya kimoja. Ikibadilisha jina, au ikigeuka kutoka ya kibinafsi kuwa ya umma, hupewa cheti kingine chenye tarehe yake. Tarehe hiyo ni ya mabadiliko. Siku ya kuzaliwa haibadiliki. Safaricom inatuonyesha vizuri. Ilisajiliwa tarehe 3 Aprili 1997 ikiwa kampuni ya kibinafsi. Ikageuzwa kuwa kampuni ya umma tarehe 16 Mei 2002, ikauza hisa kwa wananchi mwaka 2008, na baadaye jina lake likamalizikia PLC. Wateja wengi wanaijua tangu ilipofungua huduma zake mwaka 2000. Ukiulizwa ilisajiliwa lini, jibu ni moja tu: 1997. Kwa hiyo ukipewa cheti cha kubadili jina peke yake, omba pia kile cha kwanza.

Jambo la tatu ni aina ya kampuni, na hapa ndipo neno la wakala kuhusu hisa linapoanguka. Aina huandikwa katika sentensi ya cheti yenyewe, baada ya jina na tarehe, na jina la kampuni nalo hudokeza. Kampuni ya kibinafsi yenye kikomo humalizia jina lake kwa Limited au Ltd. Ya umma humalizia kwa PLC. Kuitwa ya umma hakumaanishi ni mali ya serikali. Maana yake ni kwamba inaruhusiwa kualika watu wote kununua hisa zake, ikifuata masharti yaliyowekwa.

Kampuni ya kibinafsi hairuhusiwi. Chini ya sheria ya 2015 wanachama wake hawazidi 50, bila kuhesabu wafanyakazi wenye hisa. Mwenye hisa hawezi kumhamishia mtu hisa zake apendavyo, na kampuni imekatazwa kuwaalika wananchi wazinunue. Cheti cha akina mama kinasema wazi kwamba kampuni ni ya kibinafsi. Wakala anayetangaza hisa zake kwenye vikundi vya WhatsApp anafanya lile ambalo aina ya kampuni yake inalikataza. Hata kama ploti ni za kweli, hisa hizo wasizinunue.

Ipo pia kampuni yenye kikomo cha dhamana, inayotumiwa sana na vilabu na mashirika ya hisani. Hii haina mtaji wa hisa kabisa. Kila mwanachama huahidi kiasi fulani atakachotoa kampuni ikifungwa na madeni. Asiye na hisa hana hisa za kuuza, hivyo anayekuuzia hisa za kampuni ya namna hii anakuuzia hewa.

Neno kikomo nalo lieleweke. Maana yake ni kwamba kampuni ikishindwa kulipa, wenye hisa kwa kawaida hawadaiwi zaidi ya kile ambacho hawajalipia hisa zao. Nyumba ya mkurugenzi haiguswi kwa sababu tu kampuni imefilisika. Ni kinga halali, lakini anayelipa amana anapaswa kujua kwamba fedha zake ziko kwa kampuni, na kampuni ikiwa tupu, hakuna mwingine wa kumgeukia kirahisi.

Baada ya hayo yote, cheti kina mpaka wake. Kinathibitisha kwamba kampuni ilisajiliwa sawasawa siku ile. Hakisemi kama ingali hai. Msajili anaweza kuifuta kampuni na kutangaza hivyo katika Gazeti Rasmi la Kenya, na karatasi ya cheti ikabaki safi ndani ya droo. Wala hakisemi wakurugenzi wa leo ni nani. Akina mama wetu wakijua cheti tu, hawajajua kama wakala huyo ana mamlaka ya kupokea hata shilingi moja.

Hapo ndipo namba inapolipa kazi yake. Kwa akaunti ya eCitizen, chini ya huduma za Msajili wa Kampuni, unaomba utafutaji rasmi kwa kutumia namba au jina, unalipa ada, na unapata hati iitwayo CR12. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa walioandikishwa, pamoja na ofisi ya kampuni. Ilinganishe na cheti: jina neno kwa neno, namba herufi kwa herufi, na tarehe. Kisha linganisha majina ya wakurugenzi na kitambulisho cha anayetaka kusaini mkataba. Usiikubali CR12 anayokuletea muuzaji, maana inaweza kuwa ya zamani au imebadilishwa. Itafute mwenyewe, na fedha zisitoke kwenye akaunti ya chama mpaka hati hizo mbili zikubaliane.