Barua moja kwa wauzaji watatu

Kanisa likitaka kununua kitu kikubwa, kama manjanja ya paa, watu wengi wanajua ya kwamba inafaa kuuliza bei kwa wauzaji watatu. Lakini mara nyingi inafanywa hivi: ndugu mmoja anapita mjini, anauliza kwa mdomo katika maduka matatu, anarudi na faktire proforma tatu, na komite inachagua ile yenye hesabu ndogo kule chini. Mwaka mmoja unapita, mvua inaingia ndani ya kanisa, na watu wanaanza kunungunika: "Feza ya sadaka yetu ilienda wapi?"

Pengine hakuna mtu aliyeiba. Shida ilianza siku ya kuuliza. Wauzaji watatu waliulizwa maulizo matatu mbalimbali, na majibu yao hayakuweza kulinganishwa.

Kuuliza kitu kilekile

Tuchukue mfano. Kanisa moja karibu na Likasi linataka kufunika paa mbele ya mvua za mwezi wa kumi na moja. Paa iko na pande mbili. Kila upande una urefu wa mita 16, na kutoka juu mpaka chini ni mita 5.80.

Mbele ya kuandika kwa muuzaji yeyote, fundi anafanya hesabu. Bati moja ni la mita 3. Mabati mawili, moja chini ya lingine, yakipandana sentimita 20, yanafunika mita 5.80. Kwa upana, bati likipandana na jirani yake linabaki kufunika sentimita 80. Mita 16 tukizigawanya kwa 0.80 ni mabati 20. Safu mbili kwa kila upande, pande mbili: jumla mabati 80.

Inabaki unene, na hapa ndipo makanisa mengi yanapotea. Bati linauzwa kwa namba ya BG, na namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. BG 28 ni karibu milimita 0.40. BG 32 ni karibu milimita 0.25 tu. Kwa macho yanafanana, yote yanangaa. Lakini lile jembamba linabonyea chini ya mguu wa fundi, na upepo ukilivuta, tundu la musumari linapasuka.

Sasa sekretere anaweza kuandika barua. Barua ni moja, nakala ni tatu, hata neno moja halibadiliki:

"Tunaomba bei ya manjanja 80 ya mawimbi, yenye zinki, BG 28 (milimita 0.40), urefu mita 3, upana wa kufunika sentimita 80. Andikeni bei ya bati moja na bei ya jumla, kwa dola, TVA ndani, pamoja na usafiri mpaka kanisani. Andikeni tena mutaleta kisha siku ngapi, namna ya kulipwa, na bei hii itadumu mpaka tarehe gani. Jibu lifike katika bahasha iliyofungwa, mbele ya tarehe 15 Agosti, saa sita ya mchana."

Barua haisemi kanisa liko na feza ngapi. Ukiwaambia wauzaji kwamba muko na dola 1,500, bei zote zitakuja karibu na 1,500. Na muuzaji mmoja akipiga simu kuuliza neno, jibu linaandikwa na kutumwa kwa wote watatu.

Kufungua na kulinganisha

Bahasha zinafunguliwa pamoja, siku moja, mbele ya watu watatu: mwenye kutunza feza, mzee mmoja, na mama mmoja wa kikundi cha wamama. Wote wanatia sahihi juu ya kila karatasi. Mwenye undugu na muuzaji haketi pale. Atasema, "Pasta, mbona munanikatalia? Shemeji wangu anauzisha manjanja mazuri!" Vema, shemeji apokee barua kama wengine. Lakini yeye mwenyewe atabaki inje ya chumba.

Katika mfano wetu, bei ni hizi. Wa kwanza ameandika dola 14 kwa bati moja, jumla 1,120. Wa pili ameandika 17, jumla 1,360. Wa tatu ameandika 11, jumla 880. Mwenye haraka atakimbilia kwa wa tatu. Tusome kwanza.

Kwa wa tatu, katika mstari wa maelezo, kumeandikwa BG 32. Basi ile ni bei ya kitu kingine. Tunaiweka kando. Kama kanisa linaona feza yake haifikie BG 28, linaweza kushuka kwa BG 30, lakini linaandika barua mpya kwa wote watatu. Si haki kumuita mmoja peke yake ashushe bei wakati bahasha za wenzake zimekwisha kufunguliwa.

Wa kwanza ametumia karatasi yake ya kila siku: bei bila TVA, na kuchukua mzigo pa depo. Komite inamuuliza kwa maandiko ahakikishe maneno hayo mawili, bila kugusa bei. TVA ni 16 kwa mia, maana yake dola 179.20. Kamio ya kukodi tuseme ni 100. Kwa hiyo 1,120 inakuwa 1,399.20.

Wa pili ametia TVA na usafiri ndani, kama tulivyoomba. Bei yake inabaki 1,360. Tena anaomba nusu kwanza na nusu wakati mzigo unafika, lakini wa kwanza anataka yote mbele. Yule aliyeonekana wa bei kali kupita wote ndiye anayefaa, kwa bei na kwa usalama wa feza.

Proforma za kupangwa

Kuko hila moja ambayo vijana wetu wa komite wajue. Mtu anakwenda kwa muuzaji mmoja, na huyo anamupa proforma tatu zenye vichwa vya maduka matatu. Zitazame pamoja mezani. Mara nyingi utaona kosa lilelile la maandiko, au namba moja ya simu, au kila mstari umepanda kwa kipimo kimoja, kama kumi kwa mia. Dawa yake ni hii: barua zipelekwe na watu wawili mpaka ndani ya kila duka, na muuzaji atie sahihi na kashe kwamba amepokea. Waandike tena namba ya RCCM na namba ya kodi ya kila duka.

Katika 2 Wakorintho 8, Paulo hakubeba sadaka ya makanisa peke yake. Alitumana ndugu wengine pamoja, ili mtu asipate neno la kumlaumu. Na Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya mizani ndani ya mfuko mmoja. Barua mbili zisizofanana ni mawe mawili.

Siku ya kupokea

Kazi haijaisha. Mzigo ukifika, hesabuni mabati, pimeni urefu, na muombe fundi wa garaji alete kipimo chake cha unene. Apime mabati matano aliyochagua mwenyewe katikati ya mzigo, si yale ya juu. Akikuta 0.25 pahali pa 0.40, nusu ya pili ya feza hailipwi mpaka mabati yabadilishwe.

Wale wawili ambao hawakuchaguliwa waandikiwe barua fupi ya asante, yenye sababu. Na siku ya Mungu, bei zote tatu zisomwe mbele ya kanisa, pamoja na ile 880, na waamini waelezwe kwa nini iliwekwa kando.