Kauli Moja Inapoiangusha Alfa

Dodoso la kupima hamu ya kusoma lina kauli 4, na mwanafunzi hujibu kila moja kwa alama 1 hadi 5. Tatu zinasema anapenda masomo, ya nne inasema, "Darasani nachoka upesi." Je, kauli hizi zinapima kitu kimoja kwa pamoja? Hapo ndipo inapoingia alfa, iliyopewa jina la Lee Cronbach kutokana na makala yake ya 1951.

```
α = k/(k−1) × (1 − jumla ya varianzi za kauli / varianzi ya alama za jumla)
```

Herufi k ni idadi ya kauli. Tuseme kila kauli ina varianzi ya 1, hivyo jumla ni 4, na alama za jumla za wanafunzi nazo zina varianzi ya 4. Alfa inatoka 0.

Dodoso lisitupwe bado. Anayependa masomo huipa kauli ya nne alama 1, kwa hiyo lazima igeuzwe: 1 iwe 5, 2 iwe 4. Sasa varianzi ya alama za jumla inapanda hadi 10, na 4/3 × (1 − 4/10) ni 0.80.

Watafiti wengi huridhika na 0.70 kwenda juu. Ila alfa hupanda pia kwa kuongeza kauli tu, na ikifika 0.95 huenda swali lile lile limerudiwa kwa maneno mengine.