Donge la Karanga la Kupambia Keki

Leo tutajifunza kutengeneza donge tamu la kufunikia keki na kufinyangia matunda madogo. Penginepo hutengenezwa kwa lozi. Hapa Mwanhuzi lozi ni ghali, nazo karanga zinapatikana. Basi tutatumia karanga.

Chukua karanga robo kilo, sukari robo kilo na ute wa yai moja.

Kwanza chagua karanga. Tupa zilizosinyaa, zilizoota ukungu na zilizobadilika rangi. Ukionja karanga ikawa chungu, iteme. Ukungu huleta sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 1960 bata mzinga wengi walikufa Uingereza kwa chakula cha karanga chenye sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

Kausha karanga kwa moto mdogo bila kuzibadili rangi. Zikipoa, sugua maganda na upepete.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi huharibu. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Ukizitwanga peke yake kwa muda mrefu, mafuta hutoka nawe unapata siagi ya karanga, ambayo haifinyangiki. Weka kando vijiko vinne vikubwa vya sukari. Iliyobaki itwange pamoja na karanga, kidogo kidogo, kisha chekecha. Sukari hunyonya mafuta na kutenganisha chembe. Unga ukianza kung'aa na kushikamana na mchi, acha mara moja.

Ute mbichi waweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo utie katika bakuli pamoja na zile sukari za vijiko vinne, weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ukoroge bila kuacha. Sukari ikiyeyuka yote na ute ukawa mzito, mweupe na wa moto usiovumilika kwa kidole, epua.

Mimina ute katika unga kijiko kimoja kimoja, ukikanda. Donge likishikana bila kunata mkononi, acha, hata kama ute umebaki. Likipasuka, ongeza ute kidogo. Likitoa mafuta, umekanda mno, liache lipoe.

Sukuma donge kwa chupa hadi unene wa nusu sentimita. Paka keki jamu, kisha ufunike. Kiasi hiki chatosha juu ya keki ya upana wa sentimita 20, na kingine hubaki. Kilichobaki tia manjano kidogo, ufinyange maembe madogo. Karafuu moja iwe kikonyo, mtoto asiimeze.

Upepo wetu ni mkavu, basi funika donge kwa kitambaa chenye unyevu unapofanya kazi. Lile katika siku tatu. Mgeni asiyepatana na karanga umwambie kabla hajala.

Maswali
1. Kwa nini sukari hutwangwa pamoja na karanga?
2. Utajuaje kwamba ute umeiva?
3. Karanga gani hutupwa?