Filamu ya HDR Inapotoka Kijivu: Jinsi Kicheza Video Kinavyooanisha Mwangaza

Filamu iliyotayarishwa kwa HDR ikichezwa kwenye skrini ya kawaida bila matayarisho, picha hutoka imefubaa. Weusi unakuwa wa moshi, shati jeupe linakuwa la kijivu, nyuso zinapauka, na bahari iliyopaswa kuwa ya samawati iliyokolea inaonekana kama imefuliwa mara nyingi. Faili si bovu, na skrini haina hitilafu. Namba zilizomo katika faili zimeandikwa kwa kipimo kimoja, nayo skrini inazisoma kwa kipimo kingine. Kuoanisha mwangaza ni hesabu inayofanywa na kicheza video ili kuzihamisha namba hizo kutoka kipimo cha kwanza hadi cha pili kabla hazijaifikia skrini.

Mwangaza wa skrini hupimwa kwa niti. Filamu za kawaida, yaani za SDR, hutayarishwa kwenye skrini ya studio iliyowekwa niti 100, na namba zake ni za uwiano tu: namba ya juu kabisa maana yake ni "mwangaza wote ulio nao", iwe skrini ina niti 100 au 300. HDR haifanyi hivyo. Filamu nyingi za HDR hutumia kipimo kiitwacho PQ, kilichotolewa mwaka 2014 na SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, kwa jina la ST 2084. Katika PQ kila namba ina niti zake maalumu, kuanzia giza tupu hadi niti 10,000. Na kwa kuwa jicho la binadamu huona tofauti ndogo gizani kuliko penye mwanga mkali, PQ imezipa sehemu za giza nafasi kubwa sana. Niti 100 za kwanza peke yake zimechukua nusu nzima ya ngazi, na niti 9,900 zilizobaki zinagawana nusu nyingine.

Chukua onyesho moja: mzee aliyevaa kanzu nyeupe amesimama ufukweni saa sita mchana, nyuma yake kuna mlango wa nyumba yenye giza, na mbele yake jua linametameta juu ya maji. Tuseme studio imeiweka kanzu kwenye niti 200, mmeto wa maji kwenye niti 1,000, na kiza cha mlangoni kwenye niti 1. Kwa PQ, kanzu huandikwa asilimia 58 ya ngazi, mmeto asilimia 75, na kiza asilimia 15. Sasa skrini ya kawaida yenye niti 250 inapokea namba hizo na kuzisoma kama za SDR. Asilimia 58 kwake ni takribani asilimia 30 ya mwanga wake, kwa hiyo kanzu inatoka na niti 75. Mmeto wa jua unapata niti 133 hivi, juu kidogo ya nusu ya uwezo wa skrini, na kiza cha mlangoni kinapanda hadi karibu niti 4. Mwanga mkali umeshushwa na giza limeinuliwa. Katika filamu mmeto unakizidi kiza mara 1,000. Hapa unakizidi kama mara 34 tu. Huo ndio ukijivu wenyewe.

Rangi nazo zina kisa chao. HDR hubeba rangi katika mpaka mpana uitwao BT.2020, ambao wekundu wake na kijani chake vimekolea kuliko vya BT.709, mpaka wa skrini za kawaida. Namba inayosema "wekundu nusu ya njia" katika mpaka mpana ni rangi iliyokolea. Ikisomwa katika mpaka mwembamba inakuwa rangi ya kawaida tu. Ndiyo maana kuongeza kontrasti kwa rimoti hakuponyi kitu. Kontrasti inavuta namba zote kwa pamoja, wakati kosa ni la umbo la ngazi yenyewe na la rangi pia. Anayejaribu njia hiyo huishia na nyuso nyekundu na mawingu yaliyoungua.

Kicheza video kinachojua kazi yake kinaanza kwa kuzirudisha namba za PQ kuwa niti halisi. Hapo ndipo swali gumu linapokuja: niti 1,000 zitaingiaje katika skrini isiyozifikia? Njia ya kivivu ni kukata. Kila kinachozidi uwezo wa skrini kinakuwa cheupe tupu, na mawingu, miali ya moto na taa vinapoteza maumbo yake. Njia ya pili ni kupunguza kila kitu kwa kiasi kimoja, na hiyo inafanya filamu nzima iwe ya magharibi. Njia inayofaa ni mkunjo: sehemu za giza na za kati zinaachwa karibu kama zilivyo, kisha ngazi inaanza kuinama pole pole, na mwanga mkali unabanwa katika nafasi iliyobaki juu.

Mikunjo hiyo ina historia. Erik Reinhard na wenzake walichapisha wao mwaka 2002, kwa ajili ya picha za kamera. John Hable aliutengeneza wake kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Uncharted 2. Unatunza vizuri maumbo ya mwanga mkali, lakini unaifanya picha nzima iwe nyeusi kuliko inavyotakiwa kwa filamu. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lina wake katika ripoti ya BT.2390, na huo unaifaa filamu zaidi. Kwa fomyula ya ripoti hiyo, filamu yenye kilele cha niti 1,000 ikiletwa kwenye kilele cha niti 203, kila kilicho chini ya takribani niti 90 hakiguswi. Kanzu yetu ya niti 200 inashuka hadi kama 158, na mmeto wa jua unakaa kileleni. Kwenye skrini ile ya niti 250, kanzu sasa inatoka na niti 195 hivi badala ya 75, mmeto unapata zote 250, na kiza cha mlangoni kinarudi chini hadi niti moja na kidogo. Jua halina tena ukali wa studioni, lakini kanzu ni nyeupe na kiza ni kiza.

Kwa vitendo, mfano mzuri ni mpv, kicheza video cha bure kinachofanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS. Mipangilio yake huandikwa katika faili la maandishi liitwalo `mpv.conf`. Kwenye Linux faili hilo hukaa ndani ya `~/.config/mpv/`, na kwenye Windows ndani ya `%APPDATA%\mpv\`. Mistari mitano inatosha:

```
vo=gpu-next
tone-mapping=bt.2390
hdr-compute-peak=yes
gamut-mapping-mode=perceptual
target-peak=203
```

Mstari wa kwanza unachagua injini ya picha iliyo mpya, inayotumia maktaba ya libplacebo. Wa pili ni mkunjo. Badala ya `bt.2390` mtu anaweza kujaribu `spline`, `hable`, au `clip` ili aone kukata kunavyoharibu. Wa nne unashughulikia rangi zilizo nje ya mpaka wa skrini, uzisogeze ndani taratibu badala ya kuzikata ukingoni.

Mstari wa tatu una uzito kuliko unavyoonekana. Faili la HDR hubeba maelezo ya kilele cha filamu nzima, kwa mfano niti 1,000 au 4,000. Lakini onyesho la chumbani usiku huenda halipiti niti 80. Mkunjo uliotegeshwa kwa niti 4,000 ungeibana picha hiyo bila sababu yoyote. `hdr-compute-peak` huipima kila picha inapopita na kuutegesha mkunjo kwa kilele chake halisi. Hasara yake ni kwamba taa ikiingia ghafla katika picha, ukuta wa nyuma unaweza kuonekana ukififia kidogo. Mtu akiliona hilo mara kwa mara, thamani kubwa zaidi ya `hdr-peak-decay-rate` inayafanya mabadiliko yaende polepole.

Mstari wa tano huwachanganya wengi, kwa sababu hufanya kazi kinyume na matarajio. Namba ya `target-peak` inaeleza weupe kamili wa skrini uhesabiwe kuwa niti ngapi za filamu. Ikishushwa hadi 100, picha yote inang'aa zaidi, na mwanga mkali unabanwa zaidi. Ikipandishwa hadi 300, mawingu na moto vinapata nafasi lakini sehemu za kati zinakuwa nyeusi. Sebuleni mchana, madirisha yakiwa wazi, namba ndogo inafaa. Usiku taa zikiwa zimezimwa, namba kubwa inapendeza.

Kujua kama kazi imefanyika, bonyeza herufi `i` filamu ikiendelea. Maelezo yatajitokeza juu ya picha, yakitaja `bt.2020` na `pq` kwa upande wa faili. Yakitajwa hayo na picha imekolea, mambo ni sawa. Picha ikiwa ya kijivu na maelezo yanataja `bt.709` au `bt.1886`, basi faili limepoteza lebo zake, jambo la kawaida kwa filamu zilizopunguzwa ukubwa na mtu asiyejali. Namba ni za PQ lakini hakuna kinachomwambia mpv hivyo, naye anazionyesha kama SDR. Dawa ni kumwambia kwa mkono:

```
mpv --vf=format:colormatrix=bt.2020-ncl:primaries=bt.2020:gamma=pq filamu.mkv
```

Mara nyingi picha hurudi papo hapo. Kama aliyeipunguza aliishusha pia kutoka biti 10 hadi 8, anga itaonekana na mistari mistari, kama ngazi, mahali rangi inapobadilika taratibu. Hiyo haina tiba kamili, kwa kuwa namba za katikati zimeshatupwa.

Dalili nyingine ni picha ya kijani na zambarau. Huo si ugonjwa wa mwangaza. Ni filamu ya Dolby Vision ya aina ya 5, ambayo rangi zake zimefungwa kwa namna yake ya pekee, na kicheza video kisichoweza kuzifungua huzionyesha hivyo. `gpu-next` huzifungua, injini ya zamani, `gpu`, haiwezi.

Video za HDR zilizopigwa kwa simu nyingi hutumia kipimo kingine, HLG, kilichobuniwa na BBC na NHK ili kionekane vya kuridhisha hata kwenye televisheni za zamani, kwa hiyo hizo hazitoki na ukijivu mwingi.

Kompyuta dhaifu ndiyo kikwazo kilichobaki. Filamu ya 4K ya biti 10 inahitaji chipu inayoweza kuifungua yenyewe, na ndiyo kazi ya mstari `hwdec=auto`. Bila hiyo picha hukwama hata kabla ya hesabu za mwangaza kuanza. Ikiendelea kukwamakwama, `hdr-compute-peak=no` inapunguza mzigo. Mkunjo utategemea basi kilele kilichoandikwa katika faili, na maonyesho ya usiku yatakuwa meusi kidogo kuliko yangepimwa moja moja, lakini kanzu itabaki nyeupe.