Mwizi wa mara ya nne wa Birere: tumuazibu juu ya nini?

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 20 anakamatwa Birere, kati ya maduka na mpaka wa Gisenyi, na telefone ya mama mchuuzi mkononi. Hakupiga mtu. Ni mara yake ya nne, na tatu za kwanza alishafungwa. Watu wanapiga kelele: "Achomwe!" Sheria ya Kongo inasema wizi bila nguvu ni kifungo kisichozidi miaka 5. Lakini azabu hiyo inajengwa juu ya sababu gani?

Sababu ya kwanza ni malipo: mtu aazibiwe kwa kuwa anastahili, kwa kipimo cha kosa lake. Hapa kuchoma mtu kunaanguka mara moja, maana telefone haina uzito wa uhai. Lakini malipo yanakwama kwa ile "mara ya nne". Kama makosa matatu alishayalipa, tunayahesabu tena kwa haki gani? Ukimuongezea miaka juu ya zamani yake, unamlipisha deni moja mara mbili.

Sababu ya pili ni kutisha, ili yeye na wengine waogope. Mwitalia Beccaria aliandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia kosa ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa azabu. Kijana wetu ni ushahidi. Gereza analijua, na bado ameiba, sababu anahesabu kwamba siku nyingi anaponyoka kati ya watu. Umpe miaka 5, hesabu ya mwenzake aliye nje haibadiliki sana. Tena, kama shabaha ni woga tu, hata asiye na kosa angeweza kuazibiwa, bora watu waamini ni mwizi.

Sababu ya tatu ni kumrekebisha. Inauliza swali zuri: kwa nini anarudi? Ila angalia mahali. Gereza la Munzenze lilijengwa kwa watu karibu 350, likaja kubeba maelfu, mpaka wafungwa walipotoroka Januari 2025. Palipo na msongamano hivyo, kijana anajifunza kwa wezi wakubwa. Na kurekebisha kuna hatari yake: ukisema "akae mpaka abadilike", kifungo hakina mwisho.

Mimi naona hivi: malipo yaweke kikomo, yaani azabu isipite uzito wa telefone moja. Ndani ya kikomo hicho, kurekebisha kuamue namna: arudishe telefone ao bei yake, afanye kazi chini ya uangalizi, ajifunze ufundi. Kutisha tukuachie doria na taa za usiku, sababu huko ndiko uhakika wa kukamatwa unapatikana. Ile mara ya nne haiongezi deni lake. Inatuonyesha tu kwamba dawa ya mara tatu haikufanya kazi.

Linabaki swali moja gumu: akirudi mara ya tano, kikomo kibaki palepale? Mimi nasema ndiyo. Mama mchuuzi anaweza kukataa, na sababu anayo. Wewe ungemjibu nini?