Muziki Umeingia Garini, Simu Imebaki Nje

Mdogo wangu alinunua gari lililotumika kutoka Japani. Simu yake iliungana na redio ya gari kwa Bluetooth bila shida, na muziki ukasikika vizuri kwenye spika za milango. Lakini kila alipopigiwa, sauti ya mpigaji ilitoka kwenye simu yenyewe, iliyokuwa imelala kitini. Akafuta muungano na kuunganisha upya mara tatu. Wapi!

Tulidhani Bluetooth ni njia moja, kumbe ndani yake zimo kadhaa. Muziki hupita kwenye A2DP, ambako simu hutuma na redio hupokea tu. Mazungumzo yanahitaji HFP, inayopeleka sauti huku na huku na kuiwezesha redio kupokea na kukata simu. Moja ikiwa wazi na nyingine imefungwa, kioo bado kitaonyesha kwamba gari limeunganishwa. Hapo ndipo watu wengi hupotea.

Kipimo chake ni rahisi. Gari likiwa limesimama, mwombe mtu akupigie, pokea, kisha gusa alama ya spika kwenye kioo cha simu. Jina la gari likijitokeza pale, HFP inafanya kazi, ila simu imechagua kutolea sauti kwingine. Liguse jina hilo na sauti itahamia garini. Kwa mwenye iPhone, tatizo likijirudia, aingie Settings, Accessibility, Touch, halafu Call Audio Routing. Akikuta Speaker imechaguliwa, airudishe Automatic.

Jina la gari lisipoonekana kabisa, HFP haijaunganishwa. Kwenye simu nyingi za Android, fungua orodha ya vifaa vya Bluetooth na uguse alama ya gia kando ya jina la gari. Utakuta Media audio, ambayo ni ya muziki, na Phone calls, ambayo ni ya mazungumzo. Kwenye baadhi ya simu imeandikwa Calls tu. Iwashe.

Kwa mdogo wangu ilikuwa imewashwa tayari, kwa hiyo tuligeukia redio, ambayo menyu yake yote ni ya Kijapani. Redio nyingi huandikisha simu mara mbili: kama kicheza muziki na kama simu ya kupigia. Yake iliandikishwa kwa muziki pekee. Tulitafuta neno 電話, maana yake simu, tukalibonyeza na kulichagua jina la simu yake. Simu iliyofuata ilisikika kwenye spika za milango.

Iwapo unatumia kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la AUX, soma boksi lake kwanza. Kama hakina HFP wala maikrofoni, hakuna mpangilio utakaokifanya kibebe mazungumzo; itabidi ununue kingine.